Naitrojeni au klorini: nani anavuta zaidi ndani ya NCl₃?

"Shikamoo mwalimu. Kitabu kimoja kinasema kwenye NCl₃ naitrojeni ni +3, kwa kuwa klorini ina elektronegativiti 3.16 na naitrojeni 3.04. Kingine kinasema ni −3. Halafu nimeona jedwali la tatu lina klorini 8.3 na naitrojeni 7.3. Hizi namba zinatoka wapi hasa, na niamini ipi?"

Marahaba. Ukitaka jibu la haraka la namba ya uoksidishaji, andika −3 kwa naitrojeni, maana ndiyo inayotokana na skeli iliyopendekezwa mwaka 2016 na IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia. Lakini kitabu chako cha kwanza hakikutunga. Kimechukua skeli halali na kuisoma kwa usahihi ambao skeli yenyewe haina. Ili uone hivyo inabidi tuzitengeneze namba hizo wenyewe, na uzuri ni kwamba hesabu zake ni za kawaida kabisa.

Tuanze na 3.16 na 3.04, ambazo ni za ukoo wa Pauling. Mwaka 1932 Linus Pauling alitazama nishati za kuvunja bondi. Ukivunja H₂ unatumia 436 kJ/mol, ukivunja Cl₂ unatumia 242. Kama H na Cl zingegawana elektroni zao sawasawa, ungetegemea bondi ya H–Cl iwe na nguvu ya katikati, yaani wastani wa hizo mbili, 339. Lakini kipimo kinatoa 431. Kuna ziada ya 92 kJ/mol. Pauling alisema ziada hiyo inatokana na kutokugawana sawa: elektroni zimeegemea upande mmoja, chaji chanya na hasi kidogo zimejitokeza, na mvutano wake umeiongezea bondi nguvu.

Sasa, kwa nini asiishie kuitumia ziada hiyo yenyewe kama kipimo? Kwa sababu haijumlishiki. Chukua H–F: H₂ ni 436, F₂ ni 159, wastani 297.5, na HF yenyewe ni karibu 570. Ziada ni 272.5. Ukitoa ziada ya HCl kwenye ziada ya HF unapata karibu 180, na kama ziada ingekuwa kipimo kizuri cha umbali kati ya atomu, basi 180 ingekuwa ndiyo ziada ya Cl–F. Siyo. Bondi ya ClF ni 253, wastani wa F₂ na Cl₂ ni 200.5, ziada ni 52.5 tu.

Lakini geuza kila ziada kuwa eV kwa kugawa kwa 96.5, kisha utafute kipeuo cha pili. HCl inatoa 0.98, HF inatoa 1.68. Tofauti ya hizo mbili ni 0.70. ClF, ikihesabiwa peke yake, inatoa 0.74. Hapo mambo yanakaa. Ndiyo maana fomula yake, ambamo χ ni elektronegativiti na D ni nishati ya kuvunja bondi, ina mraba:

(χA − χB)² = [D(AB) − ½(D(AA) + D(BB))] / 96.5

Kipeuo hicho hakikutoka kwenye nadharia yoyote nzito. Kiliingizwa kwa sababu kinafanya namba zijumlishike, na bado zinajumlishika kwa makadirio tu. Mimi huwaambia wanafunzi waangalie 0.70 na 0.74 kwa makini kabla hawajaendelea, kwa sababu pengo hilo la 0.04 ndilo kiwango cha ukweli tunachoweza kudai hata mahali ambapo mbinu inafanya kazi vizuri.

Fomula hiyo inatoa tofauti tu, haitoi thamani ya atomu moja. Lazima mtu achague mahali pa kuanzia. Pauling aliweka haidrojeni mahali ambapo kaboni hadi florini zingeangukia kati ya 2.5 na 4.0, hivyo haidrojeni ikapata 2.1. Mwaka 1961 Allred alirudia hesabu zote kwa data bora zaidi na haidrojeni ikawa 2.20. Toleo la Allred ndilo lenye 3.16 na 3.04 za kitabu chako. Vitabu vya zamani zaidi vinaandika 3.0 kwa naitrojeni na 3.0 kwa klorini, na nadhani kwa swali lako wazee hao walikuwa waaminifu zaidi.

Tazama kwa nini. Nipe H = 2.20 nipande kwenda klorini: 2.20 + 0.98 = 3.18. Nipande kwenda naitrojeni kupitia N–H: bondi hiyo ni 391, N–N ya kawaida kwenye majedwali ni 163, wastani na H₂ ni 299.5, ziada 91.5, kipeuo 0.97. Naitrojeni inakuwa 3.17. Kwa njia ya haidrojeni, basi, zimetofautiana kwa 0.01.

Njia ya kaboni je? Kaboni ni 2.55, C–C ni 347. C–N ni 305, inayotoa ziada ya 50 na naitrojeni ya 3.27. C–Cl inaandikwa 339 katika baadhi ya majedwali na 327 katika mengine. Ukitumia 339 klorini inapata 3.23, chini ya naitrojeni. Ukitumia 327 inapata 3.13, chini zaidi. Kwa hiyo kupitia haidrojeni klorini inashinda kwa unywele, kupitia kaboni naitrojeni inashinda, na ushindi wa pili unabadilika ukubwa kulingana na jedwali uliloshika mkononi.

Utauliza: kwa nini tusiende moja kwa moja kwenye bondi ya N–Cl yenyewe, tuachane na njia za mzunguko? Jaribu. N–Cl ni karibu 200. Wastani wa 163 na 242 ni 202.5. Ziada ni hasi 2.5. Kipeuo cha pili cha namba hasi hakipo kwenye mstari wa namba tunaoutumia hapa. Na hata kama ziada ingekuwa chanya, kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita kimya: mraba hufuta alama. Ukipata (χA − χB)² = 0.01, unajua tofauti ni 0.1, lakini hujui A ndiye mkubwa au B. Data ya N–Cl, hata ikipimwa kwa usahihi wa ajabu, haiwezi kukuambia elektroni zimeegemea upande gani. Alama inatoka kwingine daima, kwenye njia zile za mzunguko ambazo tumeona hazikubaliani.

Karibu na sifuri kuna tatizo la pili, na hili ni la kihesabu tu. Kipeuo cha pili hukuza makosa madogo. Tofauti ya 0.12 kati ya klorini na naitrojeni, ukiigeuza kurudi kuwa nishati, ni 0.0144 × 96.5, yaani karibu 1.4 kJ/mol. Nishati za bondi za majedwali ni wastani wa molekuli nyingi, na zinatofautiana kitabu hadi kitabu kwa 5, 10, hata 12 kama ulivyoona kwenye C–Cl. Kuamua nani mkubwa kati ya N na Cl kwa njia hii ni kama kupima unene wa karatasi kwa futi ya seremala.

Kuna pia suala la N–N yenyewe. Hiyo 163 ni dhaifu kuliko unavyotegemea. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba atomu mbili ndogo za naitrojeni zikikaribiana, jozi pweke za elektroni za kila moja zinasukumana. F₂ ina ugonjwa uleule, ndiyo maana ni 159 tu wakati Cl₂ ni 242. Lakini fomula ya Pauling haijui habari za jozi pweke. Inaona wastani mdogo, kwa hiyo ziada kubwa, na inaihesabu yote kuwa ni mvuto wa elektroni. Sehemu ya elektronegativiti ya naitrojeni na florini kwenye skeli hii ni udhaifu wa bondi zao wenyewe uliojificha. Ukitaka kuona athari yake, hesabu florini kwa H–F upate 3.88, kisha kwa C–F (karibu 485) upate 4.10. Jedwali limeandika 3.98, katikati ya hizo mbili. Namba yenye desimali mbili inaonekana imara, lakini imekalia pengo la 0.2.

Upande wa metali mbinu huvunjika kabisa. Bondi ya Li₂ ni karibu 105, wastani wake na H₂ ni 270, lakini LiH kama molekuli ya gesi ni karibu 238. Ziada hasi ya 32, kwa bondi ambayo kila mtu anajua imeegemea upande mmoja. Pauling aliliona tatizo la haidraidi za metali alkali na akajaribu kutumia wastani wa jiometri badala ya wastani wa kawaida, akabadilisha na kigawe kuwa 30 kcal, yaani karibu 125.5 kJ. Kwa LiH wastani huo ni 214, ziada inakuwa chanya 24, na tofauti ya elektronegativiti inatoka 0.44. Nzuri, angalau si hasi. Ila jedwali linasema 2.20 kwa haidrojeni na 0.98 kwa lithiamu, tofauti ya 1.22. Thamani za metali zilipatikana kwa njia nyingine, joto la kuundwa kwa misombo yao mango. Safu moja ya jedwali, mbinu zaidi ya moja ndani yake.

Twende kwenye jedwali lako la tatu. Namba 8.3 na 7.3 ni za Mulliken, na hizi zina kizio kinachoeleweka: eV. Robert Mulliken aliandika mwaka 1934 hoja fupi ambayo mimi naiona nzuri kuliko ya Pauling kimantiki. Fikiria atomu A na B. Ukitaka kuhamisha elektroni kutoka A kwenda B, unalipa nishati ya kuing'oa kwa A, tuiite I ya A, na unarudishiwa kiasi ambacho B hutoa ikiipokea, ambacho wanakemia huita afiniti ya B. Ukihamisha kinyume, unalipa I ya B na kurudishiwa afiniti ya A. Kama gharama mbili ni sawa, hakuna upande unaopendelewa, na hilo hutokea pale ambapo I + afiniti ya atomu moja ni sawa na I + afiniti ya nyingine. Kwa hiyo kipimo cha mvuto wa atomu ni jumla ya hizo mbili, na kwa desturi tunagawa kwa mbili, herufi A sasa ikiwa ni afiniti:

χ = (I + A) / 2

Hapa hakuna haja ya bondi, hakuna kipeuo, hakuna kuchagua mahali pa kuanzia. Na baadaye, mwaka 1978, Robert Parr na wenzake walionyesha kwamba kitu hicho kinakadiria mteremko wa nishati ya atomu kadiri unavyoongeza au kupunguza elektroni, ambacho ni kitu cha msingi kwenye nadharia ya msongamano wa elektroni. Kwa hiyo kinadharia Mulliken amesimama vizuri.

Weka data. Klorini: kung'oa elektroni ni 12.97 eV, afiniti 3.61, jumla 16.58, nusu yake 8.29. Naitrojeni: kung'oa ni 14.53, kubwa kuliko ya klorini. Afiniti yake ni karibu sifuri. Nusu ya 14.53 ni 7.27. Hapo ndipo 8.3 na 7.3 zilipotoka, na unaona mara moja kilichoiangusha naitrojeni: ni afiniti. Atomu ya naitrojeni ikiwa peke yake ina elektroni tatu kwenye obitali tatu za p, kila moja mahali pake, zote zikielekea upande mmoja wa spini. Elektroni ya nne inalazimika kuingia kwenye obitali yenye mwenyeji tayari, na msukumano hula faida yote.

Kabla hujaamua kwamba Mulliken ameihukumu klorini mshindi, pitisha mbinu hiyohiyo kwenye atomu nyingine. Haidrojeni ina 13.60 na 0.75, inapata 7.18. Yaani karibu sawa na naitrojeni, na juu sana ya kaboni yenye 6.26. Oksijeni, 13.62 na 1.46, inapata 7.54. Bromini, 11.81 na 3.36, inapata 7.59. Kwa jedwali hilo bromini inavuta elektroni kuliko oksijeni, na naitrojeni na haidrojeni zingegawana elektroni za NH₃ karibu sawasawa. Hakuna mtu wa maabara atakayekubali.

Kosa haliko kwenye hoja ya Mulliken. Liko kwenye data tuliyoiingiza. Tumepima atomu iliyo peke yake kwenye gesi, katika hali yake ya chini kabisa ya nishati, wakati swali ni kuhusu atomu iliyo ndani ya bondi. Ndani ya NCl₃ naitrojeni haina elektroni tatu zilizojipanga upande mmoja wa spini. Kila moja imeshajifunga na elektroni ya klorini, na obitali za s na p zimechanganyika. Mulliken mwenyewe alilijua hilo na alikusudia I na A za hali hiyo ya ndani ya bondi, ambazo hazipimiki moja kwa moja bali hukokotolewa kutoka kwenye spektra. Hinze na Jaffé walifanya kazi hiyo kwa upana mwaka 1962. Jedwali lako la tatu limerahisisha, likatumia hali ya chini kwa sababu data yake inapatikana kirahisi.

Ukitumia hali ya ndani ya bondi, jambo la kuvutia hutokea: atomu moja inapata elektronegativiti kadhaa. Kaboni, ikiletwa kwenye kipimo cha Pauling, ni 2.48 ikiwa sp³, 2.75 ikiwa sp², na 3.29 ikiwa sp. Kadiri obitali inavyokuwa na sehemu kubwa ya s ndivyo elektroni inavyokaa karibu na kiini na kushikwa zaidi. Hiyo si nadharia tupu. Haidrojeni ya asetilini huondoka kama H⁺ kirahisi mno kuliko ya etheni, na ya etheni kuliko ya ethani. Naitrojeni nayo hupanda hivyohivyo, na ikifika kwenye mchanganyiko wa aina ya sp³ inakuwa juu ya klorini. Pembe za NCl₃ ni karibu nyuzi 107, kwa hiyo mchanganyiko wa namna hiyo si dhana ya mbali. Ila umeshalipa bei: huwezi tena kuandika namba moja chini ya herufi N kwenye jedwali la elementi.

Neno kuhusu kugeuza Mulliken kuwa Pauling, kwa sababu utakutana na fomula ya namna ya 0.374χ + 0.17. Klorini inatoka 3.27, florini 4.06, safi kabisa. Haidrojeni inatoka 2.85 badala ya 2.20. Mlinganyo huo ni mstari uliochorwa kupita katikati ya vitone. Pauling ana kipeuo cha nishati, Mulliken ana nishati yenyewe, na vitu viwili vya vizio tofauti haviwezi kuwa kitu kimoja kwa sababu tu vinapanda pamoja.

Imebaki skeli ya IUPAC, ya Leland Allen, ya mwaka 1989. Allen aliachana na afiniti kabisa. Anachukua elektroni zote za ganda la nje katika atomu huru na kutafuta wastani wa nishati zinazozishikilia, kutoka kwenye data ya spektra. Naitrojeni ina mbili za s zilizoshikwa kwa karibu 25.6 eV na tatu za p kwa karibu 13.2. Wastani wa zote tano ni karibu 18.1. Klorini ina mbili za s kwa 25.2 na tano za p kwa 13.7, wastani wa zote saba ni karibu 17.0. Zikishushwa kwenye ukubwa wa Pauling, naitrojeni inapata 3.07 na klorini 2.87.

Tazama kilichoamua. Elektroni moja moja hazitofautiani sana: p ya klorini imeshikwa kidogo zaidi, s ya naitrojeni imeshikwa kidogo zaidi. Tofauti imekuja kwa sababu naitrojeni ina elektroni mbili za s kati ya tano, klorini mbili kati ya saba. Mtu anaweza kubisha, na mimi huwa nabisha kidogo, kwamba elektroni za s za klorini hazishiriki sana kwenye bondi, sasa kwa nini ziingie kwenye wastani? Lakini skeli hii haina tatizo la afiniti wala la kipeuo, na inatoa namba moja kwa kila atomu. Kwa kazi ya kuhesabu namba za uoksidishaji, ambayo ni ya kihasibu zaidi kuliko ya kifizikia, hilo ndilo linalotakiwa. Skeli ya Allred na Rochow ya mwaka 1958, inayotumia mvuto wa kiini juu ya elektroni kwenye umbali wa nusu kipenyo cha bondi, nayo inaiweka naitrojeni juu: 3.07 dhidi ya 2.83.

Je, kemia yenyewe inasema nini? NCl₃ ikikutana na maji inatoa amonia na HOCl:

NCl₃ + 3H₂O → NH₃ + 3HOCl

Ukihesabu naitrojeni kuwa −3 na klorini +1, hakuna kilichobadilika: naitrojeni ya NH₃ ni −3, klorini ya HOCl ni +1. Ukihesabu naitrojeni kuwa +3, inabidi useme imepokea elektroni sita na klorini tatu zimetoa mbili mbili, kwa mmenyuko ambao ni maji kubadilishana nafasi tu. Hesabu ya −3 ni nyepesi zaidi. Lakini usiichukue kama ushahidi wa chaji halisi. PCl₃ ikikutana na maji inatoa H₃PO₃ na HCl, kinyume chake, na sehemu ya sababu ni kwamba fosforasi ni kubwa na inaweza kushambuliwa na maji moja kwa moja wakati naitrojeni haina nafasi hiyo. Njia ya mmenyuko inaamua mengi ambayo elektronegativiti haiyajui.

Na usijaribu kuokoa hoja kwa momenti ya dipoli. Kwa namba za Pauling, N–F ina tofauti ya 0.94 na N–H 0.84, kwa hiyo ungetegemea NF₃ iwe na dipoli kubwa kidogo kuliko NH₃. Kipimo ni debai 0.23 kwa NF₃ na 1.47 kwa NH₃. Jozi pweke ya naitrojeni ina dipoli yake. Kwenye NH₃ inaongeza, kwenye NF₃ inapinga. Molekuli nzima inakupa jumla, na jumla haikuambii kila bondi imechangia nini.

Kwenye mtihani, basi: andika −3 na utaje kwamba umetumia skeli ya Allen. Mtahini anayetumia Pauling ataona ulichokifanya. Na usishangae kwamba tunaandika N kwanza na Cl mwisho. Utaratibu wa uandishi unaweka halojeni mwisho kwa nafasi yake kwenye jedwali la elementi, hausemi lolote kuhusu chaji.

Utakutana na mzozo huuhuu kwenye CI₄. Pauling anaipa kaboni 2.55 na iodini 2.66, Allen anaipa kaboni 2.54 na iodini 2.36, na namba ya uoksidishaji ya kaboni inaruka kutoka +4 kwenda −4. Chukua C–C 347, I–I 151 na C–I kutoka jedwali lolote ulilonalo, ihesabu mwenyewe kwa fomula ya Pauling, uone inakupa alama gani ndani ya kipeuo.